Kunakili kibao cha duka kilichoandikwa kwa mkono: makosa ya tahajia yabaki au yarekebishwe?

Swali: Habari za jioni, wanajukwaa. Nina picha za vibao vya maduka vilivyoandikwa kwa mkono na ninatakiwa kuvinakili kwenye kompyuta kwa ajili ya utafiti wa lugha. Vina makosa mengi ya tahajia. Je, nirekebishe au niache? Nikiacha, msomaji hatadhani kwamba mimi ndiye niliyekosea?

Jibu:

Ndugu, yaache yote, herufi kwa herufi. Nimeifanya kazi hiyo hapa Mwanza kwa miezi kadhaa, tukiwa wawili, tukinakili vibao vya Kirumba, Igoma na Buhongwa kwa ajili ya mtafiti wa lugha, na nakuhakikishia kwamba kujizuia kurekebisha ndiyo sehemu nyepesi. Kinachosumbua ni kuwa na hakika kwamba kosa unaloliandika ni la mwenye kibao, wala si la jicho lako. Nitakueleza kwa kibao kimoja kilichonifunza zaidi ya vingine vyote, kilichoandikwa kwa rangi nyeusi juu ya kipande cha bati chakavu. Nakala yake ya mwisho ni hii:

```
TUNAUZA MCHERE MZULI
MICHEMBE NA MATOBOLWA
MAHARAGE YA NJANO
KARANGA ZIRIZO KAANGWA
BEI NI 2500/= KWA KIRO
HAKUNA MKOPO
```

Tazama mstari wa kwanza. Kisukuma hakitofautishi maneno kwa l na r, kwa hiyo mtu aliyekulia katika lugha hiyo anapoandika Kiswahili hujua kwamba herufi hizo ni mbili, lakini hana sikio la kumwambia ipi ikae wapi. Ndiyo maana mwandishi yuleyule, katika mstari uleule, ameweka r palipostahili l (MCHERE) na l palipostahili r (MZULI). Ukirekebisha neno moja tu kati ya hayo mawili, mtafiti ataamini kwamba mwandishi huyu hukosea upande mmoja, na ukirekebisha yote mawili hatakuwa na chochote cha kutazama.

Sasa njoo kwenye mstari wa tatu, ambako mimi mwenyewe niliharibu. Mara ya kwanza niliandika MAHALAGE. Nilikuwa nimekwisha kuandika MZULI, na vibao vingine vya siku ile vilikuwa na makosa ya namna hiyo, hivyo macho yangu yalikuwa yanasubiri l nyingine. Mwenzangu, mama mmoja wa makamo, alisoma nakala yangu kwa sauti huku mimi nikiifuatilia picha, na hatukuona tatizo lolote, kwa sababu yeye mwenyewe hutamka «mahalage» hata pale anaposoma «maharage». Tangu siku hiyo tuliacha kusomeana maneno. Tulitajiana herufi moja moja, em, a, ha, a, na kila ilipofika r au l anayesoma alisema «ere ya roda» au «ele ya limau».

Kosa lile liligunduliwa tulipopata picha halisi. Ile tuliyoitumia ilikuwa imetumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, na WhatsApp huipunguza picha ukubwa, kiasi kwamba michirizi myembamba ya rangi hupotea. Tulimwomba mpigapicha aitume upya kama faili la waraka, ambalo hufika bila kupunguzwa. Tulipoikuza, tuliona kwamba sehemu ya juu ya herufi ile ilikuwa imeliwa na kutu, ukabaki mstari uliosimama na mguu mmoja chini, jambo lililoifanya ionekane kama L. Lakini ukilinganisha na L ya kweli ya mwandishi huyu, iliyo kwenye MZULI, mguu wake umelala sawasawa juu ya mstari, ilhali mguu wa herufi hii ulikuwa unateremka kwa mshazari, kama ule wa R katika KARANGA. Ndipo nikafuta L yangu na kuandika R. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote: herufi yenye shaka isihukumiwe kwa neno lilimo, kwa maana neno litakuvuta uandike unachokijua au unachokitarajia, ihukumiwe kwa herufi nyingine za mkono uleule, kwenye kibao kilekile. Kama hakuna ya kulinganisha nayo, weka alama ya kuuliza ndani ya mabano ya mraba, [?], mahali pa herufi hiyo, usiijaze.

Nafasi kati ya maneno nazo ni tahajia. Kwenye ZIRIZO KAANGWA nafasi ni pana sawa na ile iliyo kati ya MAHARAGE na YA, kwa hiyo nimeiacha. Kwenye TUNAUZA kuna upenyo mdogo baada ya T, lakini haufiki hata nusu ya nafasi hiyo. Huo ni mtetemo wa brashi tu, nami sikuuhesabu. Neno MKOPO nalo lina jambo lake: bati liliisha kabla ya herufi ya mwisho, basi O ikaandikwa chini ya P. Mwandishi hakukosea tahajia hapo, alikosa nafasi, hivyo nimeandika MKOPO na kueleza hali hiyo kwenye safu ya maelezo.

Lipo pia kosa ambalo si kosa. Msahihishaji wetu, ambaye hakuwa mtu wa kanda hii, alipigia mstari MICHEMBE na MATOBOLWA na kupendekeza kwamba la pili liwe «matobolewa». Mtu yeyote wa Usukumani angemcheka. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa vikiwa vibichi, na matobolwa ni vile vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Mwandishi ameyaandika sawasawa. Kabla ya kuliita neno kosa, muulize muuza duka au mtu wa pale.

Kuhusu hofu yako ya kudhaniwa umekosea wewe, usijaze nakala alama za mshangao au maneno ya kujitetea baada ya kila kosa, maana kibao kama hiki kitakuwa na alama nyingi kuliko maneno. Weka sentensi moja mwanzoni inayosema kwamba tahajia ni ya mwandishi wa kibao, kisha uwe na safu ya pili yenye tahajia sanifu, ili anayetafuta «mchele» akipate kibao chenye «mchere». Ikiwa mradi wako unatumia alama za TEI, yaani mfumo wa kuwekea matini alama kwenye kompyuta, zipo zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa:

```xml
<choice><sic>MCHERE</sic><corr>MCHELE</corr></choice>
```

Kilichoandikwa kinakaa ndani ya `sic`, na marekebisho yako ndani ya `corr`, bila kimoja kukifuta kingine. MATOBOLWA hayawekewi alama hizi.

Mwisho, zima usahihishaji wa moja kwa moja kwenye simu au kompyuta kabla ya kuanza, si baada ya kumaliza. Mimi niliwahi kurudisha KIRO mara tatu, na kila mara ikageuka KILO nilipobonyeza nafasi, mpaka nikagundua kwamba mashine ndiyo iliyokuwa ikinifundisha Kiswahili. Ukishahifadhi faili, lifunge, lifungue tena, na ulilinganishe na picha kuanzia neno la mwisho kurudi la kwanza. Ukisoma kinyumenyume hivyo, maana ya sentensi haikubebi, unabaki na herufi peke yake.