Ugomvi wa ndoo bombani: ninavyofundisha usuluhishi Darasa la Nne

"Habari za kazi walimu. Nina Darasa la Nne, watoto sabini na kitu. Kila nikifundisha kutatua migogoro kwa igizo wanacheka, wanasukumana kweli, mwisho wanapeana mikono, na kesho yake wale wale wanagombana tena. Wenzangu mnafanyaje?"

Mwalimu, ugomvi wenyewe usiwape waigize. Usimulie wewe. Mtoto wa miaka kumi ukimwambia aigize mtu anayesukuma, atasukuma, na mwenzake aliyesukumwa mbele ya darasa zima hataendelea kuigiza, atalipiza. Mimi nafundisha upande wa Rungwe, si mbali na Tukuyu, na darasa langu limejaa kama lako. Nasimulia kisa mpaka pale palipochacha, nanyamaza, halafu watoto wanapokea kuanzia hapo. Kazi yao ni kusuluhisha tu.

Kisa changu ni cha bombani kwa sababu ndiko wanakogombana kila asubuhi wakati wa usafi. Makame ameweka ndoo yake ya lita kumi kwenye foleni, kisha haonekani. Mwanaidi anafika, anakuta ndoo haina mwenyewe, anaisogeza pembeni na kukinga ya kwake. Makame anarudi, anaona alivyorukwa, anaipiga teke ndoo ya Mwanaidi. Maji yote yanamwagika, na sweta la Mwanaidi linalowa chapachapa. Ni mwezi wa saba, na baridi ya huku mwezi wa saba si ya kukaa na sweta bichi. Majina nimeyachukua ya pwani kwa makusudi. Nikisema Lusajo au Atupele, darasa zima linageuka kumwangalia Lusajo wetu, na huyo mtoto atakwenda na kesi hiyo mpaka nyumbani.

Sasa, jambo ambalo naona walimu wengi tunaliruka. Ukiwaambia watoto "sikilizaneni" wakati wote wawili wameshasikia kisa kizima, hawana cha kusikiliza. Watakaa kimya kwa adabu wakisubiri zamu ya kusema. Kwa hiyo kila upande mpe siri ambayo mwenzake haijui. Siri ya Makame ni hii: mwalimu wa zamu alimwita akamwage taka shimoni, ndiyo maana aliiacha ndoo yake ya maji ya kupigia deki darasa, na jana yake pia alirukwa kwenye foleni akanyamaza. Siri ya Mwanaidi: leo ni zamu yake ya kusafisha choo, wiki iliyopita alichelewa kupata maji akaadhibiwa, na sweta lililolowa ndilo pekee alilonalo. Wala huhitaji karatasi za kuchapa. Nawatoa nje akina Makame wote, nawasomea siri yao mara mbili, wanarudi; kisha wanatoka akina Mwanaidi.

Kuhusu wingi wa watoto, dawati la watu watatu ni msaada mkubwa. Aliye kushoto ni Makame, wa kulia Mwanaidi, wa katikati msuluhishi. Darasa zima linafanya kazi kwa wakati mmoja, hakuna kundi la watazamaji wa kucheka. Msuluhishi hana ruhusa ya kuamua nani ana kosa. Kazi yake ni kupitisha gunzi la mahindi na kuhakikisha anayeongea ndiye aliye nalo. Magunzi huku hayanunuliwi, kila mtoto anakuja na moja.

Kanuni ya gunzi ni hii. Makame analishika, anaeleza yaliyompata kwa sentensi tatu au nne. Mwanaidi hajibu. Anarudia alichosikia: "Umesema ulitumwa shimoni, ukaiacha ndoo kwenye foleni, ukarudi ukakuta nimeisogeza. Nimekuelewa?" Makame anajibu ama "ndiyo" ama "bado". Akisema bado, anaongeza kilichosahaulika na Mwanaidi anarudia tena. Gunzi halihami mpaka "ndiyo" itamkwe. Mimi na mtoto mmoja tunaonyesha kwanza mbele ya darasa, na katika maonyesho hayo nahakikisha naambiwa "bado" walau mara moja. Watoto wetu hawajazoea kumwambia mtu kwamba hajawaelewa, sembuse mwalimu, kwa hiyo wanahitaji kuona kwamba neno hilo halina adhabu.

Hapa nazunguka kati ya madawati na kusikiliza kitu kimoja: neno "lakini". "Umesema ulitumwa shimoni, lakini ungemwambia mtu." Huyo hajarudia, ameanza kujitetea. Simkatizi kwa ukali, namwambia tu arudie upya bila hilo neno. Dalili nyingine ni mtoto kuongea huku ananitazama mimi. Maana yake bado ananishitakia, hajaanza kuzungumza na mwenzake. Naondoka pale dawatini, na mara nyingi hilo linatosha.

Hatua ya hisia ndiyo ngumu kuliko zote, na naomba usiikimbize. Ukiuliza "Makame alijisikiaje?" utapata jibu moja kutoka kila kona: alikasirika. Hasira inaonekana, ndiyo maana wanaitaja upesi. Ili kufika chini yake naanzia mwilini. Nauliza: alipoona ndoo imesogezwa, moyo ulikuwaje? Koo je? Mikono? Mtoto mmoja wa kiume aliwahi kuniambia, "Mwalimu, hapa kifuani panakaza, kama unataka kulia halafu kuna watu." Nikauliza darasani hali hiyo wanaiitaje, mwenzake akasema aibu. Basi aibu ikaingia ubaoni. Kwa njia hiyo tunajaza ubao na maneno yao: hasira, aibu, woga, huzuni, wasiwasi, wivu, upweke. Anayekosa neno la Kiswahili aseme kwa Kinyakyusa, wenzake watamsaidia kulipata.

Kisha wanarudi kwenye gunzi na kila mmoja anakamilisha sentensi: "Nilijisikia … pale … kwa sababu …" Mwanaidi anaweza kusema, "Niliogopa pale nilipoona foleni ndefu, kwa sababu wiki iliyopita niliadhibiwa." Kuwa macho na majibu kama "nilijisikia wewe ni mkorofi" au "nilijisikia umenionea." Hayo ni mashitaka yaliyovaa nguo za hisia, na mwenzake akiyasikia atapandisha mori upya. Muulize taratibu: "Na ulipoona umeonewa, moyoni ulikuwaje?" Atashuka mwenyewe mpaka kwenye huzuni au aibu.

Kufikia hapo kengele itakuwa imekaribia kugonga. Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi kisa kizima, na ukilazimisha utaishia kwenye kupeana mikono kule kule unakokulalamikia. Mimi naomba vipindi viwili vinavyofuatana. La sivyo, siku ya kwanza inakuwa ya gunzi na kurudia tu, hisia na makubaliano zinafuata siku ya pili.

Kwenye makubaliano, pendekezo la kwanza la watoto karibu kila mara ni viboko. "Makame achapwe." Sigombi nalo, naliandika ubaoni, halafu nauliza: kesho asubuhi foleni bombani itakuwaje? Wanafikiri, wanaona foleni itakuwa ile ile. Ndipo naagiza kila dawati lilete mapendekezo matatu kabla ya kuchagua lolote, kwa sababu la kwanza huwa ni la hasira, na la pili mara nyingi ni nusu kwa nusu: maji ya ndoo moja wagawane. Hilo la nusu kwa nusu nalipenda sana kulijadili. Lita tano hazitoshi kupiga deki darasa, wala hazitoshi kusafisha choo. Wote wamepata sawa na wote wamekwama. Hapo watoto wanaona wenyewe kwamba haki inaanzia kwenye kujua kila mtu anahitaji maji ya nini, na hilo wamelijua kwa kusikiliza tu.

Dawati moja lilifikia makubaliano haya: ukiondoka kwenye foleni umwambie aliye nyuma yako "niangalizie ndoo", na nafasi yako inabaki, mwenye zamu ya choo aombe kutangulia, asijitangulize, na leo Makame amkingie Mwanaidi ndoo nyingine na kuibeba, kwa sababu yeye ndiye aliyemwaga. Sweta lianikwe uani, na Mwanaidi apewe kazi ya ndani ya darasa mpaka likauke. Angalia jinsi kila kipengele kinavyogusa siri ya upande mmoja. Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta kupima kama somo limeingia. Dawati likileta "wasameheane wasirudie tena", najua hawakusikilizana, nawarudisha kwenye gunzi. Msamaha nauacha uje wenyewe. Mtoto akiamriwa kusema "nisamehe" anasema, na moyoni hakuna kilichohama.

Kabla ya kufunga wabadilishane nafasi, aliyekuwa Makame awe Mwanaidi, na kila mmoja aseme kama angeyakubali makubaliano yale akiwa upande huo. Anayesita aeleze kwa nini, na kipengele kirekebishwe. Halafu wavue uhusika: kila mtoto arudishe gunzi mbele na kutaja jina lake halisi. Usiporuka hatua hiyo, hutasikia mtu akiitwa Makame wakati wa mapumziko.

Sasa lile la wale wale wanaogombana kila siku. Ugomvi wao halisi usiulete darasani kama igizo, hata ukibadilisha majina, watajulikana. Wakalishe pembeni, muwe watatu, wewe ukiwa msuluhishi. Lakini kwanza chunguza kama ni ugomvi kweli. Kama mmoja daima ndiye anayenyang'anywa na mwingine daima ndiye anayenyang'anya, au mmoja ni mkubwa na mwingine anatetemeka, huo ni uonevu, na kuwaweka meza moja wapatane ni kumwongezea mnyonge mzigo. Hapo kazi ya kwanza ni kumlinda, umhusishe mwalimu wa ushauri na unasihi na mzazi. Na ikitokea katika hatua ya hisia mtoto akasema jambo la kupigwa vibaya nyumbani au kuguswa mwili, sitisha zoezi kwake, usimhoji mbele ya wenzake, mpeleke kwa mwalimu huyo au mwalimu mkuu siku hiyo hiyo. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ni 116, haitozwi.

Kama madawati yako ni ya wawili wawili, waliokaa mbele wageukie nyuma. Wanakuwa wanne: Makame, Mwanaidi, msuluhishi, na wa nne anaandika makubaliano. Mwandishi huyo asome alichoandika kwa sauti kabla hamjafunga, kwa sababu mara nyingine anakuwa ameandika anachotaka yeye.