Hewa ya alfajiri: lini nakimbia nje, lini nabaki ndani

Kwa miaka mitatu nilikimbia kando ya barabara ya Outer Ring, Nairobi, kuanzia saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Niliamini hakuna saa yenye hewa safi kuliko hiyo: baridi, magari bado machache, jua halijachomoza. Kisha Julai moja nikaanza kukohoa kila nikimaliza mbio za kasi. Kifua kilibana, koo likawasha mpaka saa nne. Nikadhani ni baridi tu. Kocha wetu ndiye aliyeniuliza, "Wewe, hewa unayoivuta huko umewahi kuiangalia?" Sikuwa nimeiangalia hata siku moja.

Nilichokuja kujua ni kwamba saa ile mara nyingi huwa miongoni mwa mbaya zaidi. Usiku wa baridi usio na upepo, ardhi hupoa haraka na kuipoza hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo baridi ni nzito, hutulia chini, na ile yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa taka zilizochomwa jioni, wa makaa, na wa matatu za alfajiri unakosa pa kupandia, kwa hiyo unalala hapo hapo tunapopita na viatu vyetu vya mbio. Jua likishaipasha ardhi, kuanzia kama saa tatu au saa nne, hewa huanza kupanda na kuchanganyika, na kifuniko kinafunguka. Katika miezi ya baridi kavu, Juni hadi Agosti, kifuniko hicho huchelewa. Jioni, magari yakijaa na majiko yakiwashwa, moshi unarudi. Kwangu saa nzuri huwa kati ya saa nane na saa kumi alasiri.

Huhitaji kubahatisha. AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, una vipimo Kampala na katika miji mingine ya Afrika, Nairobi ikiwemo, na unaweza kuvisoma kwenye simu. Unachotafuta ni PM2.5, yaani chembechembe zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele wa mtu ni mnene zaidi ya mara ishirini. Chembe ndogo hivyo hupita puani na kooni mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Hapa ndipo watu wengi tunapotea. Kuna programu zinazoonyesha uzito wa chembe, mikrogramu kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na nyingine zinaonyesha AQI, ambayo ni alama iliyokokotolewa kutokana na uzito huo. Kwa kipimo cha Marekani, mikrogramu 35 ni karibu AQI 100, na mikrogramu 62 ni AQI 156. Mwenzangu mmoja aliona 60 kwenye simu yangu akasema hewa iko sawa, mimi nikaiona 60 hiyo hiyo nikasema tusitoke. Yeye alidhani ni AQI, kumbe zilikuwa mikrogramu. Kabla ya kuamua lolote, angalia kilichoandikwa kando ya namba. Angalia pia kama ni namba ya saa hii au wastani wa siku nzima, kwa sababu wastani wa siku unaificha kabisa alfajiri.

Sasa fanya hesabu niliyoifanya mimi. Mtu aliyekaa huvuta takriban lita 8 za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa bidii anaweza kufika lita 70, tena kwa mdomo, bila pua kumchujia. Dakika 45 za mbio ni lita 3,150, yaani zaidi kidogo ya mita 3 za ujazo. Asubuhi moja kipimo kilisoma mikrogramu 62. Mbio hizo zingeniingizia kama mikrogramu 195. Alasiri ya siku hiyo hiyo kilisoma 20, na mbio zile zile zingekuwa 63. Na kama ningetoka asubuhi ile kwa kutembea tu, nikivuta lita 25 kwa dakika, ningepata kama 70. Kwa maneno mengine, kupunguza kasi kulinisaidia karibu sawa na kubadilisha saa. Tangu hapo, siku ambayo siwezi kuhamisha muda nahamisha kasi.

Mipaka yangu ni hii, na inafuata ngazi za AQI. Chini ya mikrogramu 35 nakimbia kama kawaida. Kati ya 35 na 55 naacha mbio za kasi, nafupisha, na mwenzetu mwenye pumu hatoki kabisa. Ikipita 55 nafanya mazoezi ndani, au natembea kidogo tu. Ikipita 125 hata kutembea nje naahirisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linataka wastani wa saa 24 usizidi 15, kwa hiyo 35 yangu si hewa safi. Ila kukaa kitako nako kuna madhara yake. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Cambridge walikadiria mwaka 2016 kwamba hata palipo na mikrogramu 100, madhara ya kuendesha baiskeli huanza kuzidi faida baada ya saa moja na nusu kwa siku. Hesabu hiyo ni ya afya ya miaka mingi kwa watu wa kawaida. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asiitegemee.

Kipimo nacho kina udhaifu. Vile vya bei nafuu huhesabu chembe kwa mwanga, na asubuhi ya ukungu vinaweza kuyahesabu matone ya maji kama moshi. Kwa upande mwingine, kipimo kilicho juu ya paa mtaa wa pili hakijui kwamba wewe unakimbia nyuma ya basi la dizeli. Moshi wa magari hupungua sana ukijitenga na barabara kwa mita 100 au 200. Mimi nilihamia vichochoro vya ndani ya mtaa, na Jumapili naenda msitu wa Karura.

Kuhusu kuhamia ndani, usidhani kila paa ni kinga. Niliazima kipimo cha mkononi nikakipeleka kwenye jimu moja iliyo mkabala na steji ya matatu, madirisha wazi. Nje 60, ndani 52. Nilikuwa nalipa nivute hewa ile ile. Nyumbani nilifunga madirisha tangu usiku nikapata 31, hapo nikaruka kamba kwa raha. Kesho yake jirani akawasha jiko la makaa kwenye korido, na namba ikapita 150 ndani ya dakika chache. Basi jiulize dirisha linatazama wapi na nani anapika karibu. Na usifanye mazoezi kamwe kwenye chumba kilichofungwa chenye jiko la makaa, kwa sababu gesi yake inaua bila kunusika.

Barakoa ya kitambaa huzizuia chembe hizi kidogo tu. N95 iliyobana vizuri huzizuia, lakini nilipojaribu kukimbia nayo nilishindwa kupumua ipasavyo, kwa hiyo naivaa nikitembea tu.

Mwenye pumu awe na inhela mfukoni, si nyumbani. Ukianza kusikia filimbi kifuani au kubanwa, simama hapo hapo na uondoke penye moshi, hata kama simu inaonyesha kijani. Maumivu ya kifua yasiyotulia ukipumzika ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.