Kidude cha sauti kinachokwaruza

"Nikizungusha kidude cha sauti kwenye waya wa hedifoni, inakwaruza na upande wa kushoto unapotea. Nisafishe na nini?"

Kwanza tikisa waya bila kugusa kidude. Ikikwaruza, waya umekatika ndani, usafi hausaidii. Ikiwa kimya, chomoa hedifoni, pulizia kidogo kontakti klina, dawa ya kusafishia sehemu za umeme, kwenye upenyo wa gurudumu, lizungushe mwanzo hadi mwisho mara 30, kisha uache likauke. Mafuta ya bawaba usitie, yananasa vumbi.

Ndani kuna utepe wa kaboni unaosuguliwa na ulimi wa chuma. Uchafu hutoka, kaboni iliyolika hairudi. Yangu ilitulia wiki mbili, kisha upande mmoja ukawa unakufa palepale, kila nikifika katikati. Sasa gurudumu liko mwisho wa juu, sauti napunguzia kwenye simu.