Maskara isiyotoka kwa maji: waipsi au zeri?

Swali: Nikitoa maskara ya kuzuia maji natumia waipsi tatu au nne, nasugua mpaka macho yanawasha, na bado asubuhi naamka na weusi chini ya jicho. Nimenunua zeri ya kusafishia uso, naipaka nikiwa naoga, lakini naona ni yale yale, na macho yanafanya ukungu. Kosa ni la zeri au ni langu?

Jibu: Zeri haina kosa, dada. Kinachoiharibu ni kuipaka bafuni.

Maskara ya aina hiyo imejengwa kwa nta na polima, yaani utando unaoganda juu ya kope baada ya kimiminika chake kuruka hewani. Vitu hivyo havina urafiki na maji, ila mafuta huvilainisha na kuviyeyusha. Sasa waipsi nyingi zimeloweshwa kwa maji yenye sabuni laini, na mafuta yake, kama yamo, ni kidogo. Utando haulainiki vya kutosha, kwa hiyo kazi inabaki kwa mkono wako. Unapokwangua, kope zinang'oka na ngozi nyembamba ya jicho inachubuka. Kibaya zaidi, sehemu ya weusi haiondoki, inasukumwa tu hadi kwenye mizizi ya kope. Usiku jasho na mafuta ya ngozi huulegeza, na ndio huo unaoukuta asubuhi.

Zeri na mafuta ya kusafishia vina mafuta mengi, pamoja na kiungo kinachoyawezesha kuchanganyika na maji. Kiungo hicho ndicho kinachofanya mafuta yageuke maziwa yakiguswa na maji na kusuuzika. Lakini hakijui kama umemaliza kuyeyusha maskara au la. Ukipaka zeri kwenye uso uliolowa inageuka maziwa papo hapo, na nguvu yake juu ya nta inapungua kabla haijafanya kazi. Hicho ndicho kilichokupata.

Leo jioni fanya hivi kabla uso haujaguswa na maji. Nawa mikono na uikaushe kabisa, na kama unavaa lenzi, zitoe kabla ya kushika zeri. Chota zeri kiasi cha punje ya harage kwa macho yote mawili. Ukitumia mafuta ya chupa, mibonyezo miwili inatosha. Isugue kati ya vidole mpaka iyeyuke. Funga jicho, bandika vidole juu ya kope, utulie kwa sekunde 20 hadi 30 bila kusugua. Watu wengi huruka hatua hii, na mafuta yanahitaji muda huo kupenya. Baada ya hapo shika kope kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, uteremshe taratibu kutoka kwenye mizizi kwenda kwenye ncha, mara tano au sita. Zikiwa bado ngumu au zimeshikana, ongeza zeri kidogo na usubiri tena, usiongeze nguvu.

Weusi ukishakuwa tope laini, lowesha vidole kwa maji ya vuguvugu na upitishe juu yake. Zeri itageuka nyeupe. Suuza vizuri macho yakiwa yamefungwa, halafu nawa uso kwa sabuni yako ya kawaida ya uso. Ukungu unaouona ni mafuta yaliyoingia jichoni: ama umepaka mengi, ama umefungua jicho kabla ya kusuuza. Kwa kawaida huisha baada ya muda mfupi. Jicho likiendelea kuwasha au kuwa jekundu, acha bidhaa hiyo.

Ujuaje kwamba imetoka? Pitisha kijiti cha pamba chenye unyevu kwenye mstari wa kope. Kikitoka na weusi, kuna kazi imebaki.

Mafuta ya nazi matupu nayo huyeyusha nta, ila hayana kile kiungo cha kuyachanganya na maji, hivyo hubaki kwenye ngozi mpaka uyafute kwa pamba na kunawa kwa sabuni.

Kuna hali mbili ambazo zeri si jibu. Kope za kubandika kwa gundi: bidhaa zenye mafuta zinaweza kulegeza gundi, basi muulize aliyekubandika utumie nini. Ya pili ni maskara inayotoka kama vijibomba vidogo vyeusi. Hiyo hulegezwa na maji ya vuguvugu na kuvutwa taratibu, na mafuta hayaisaidii sana.

Siku ukiwa safarini na huna ila waipsi, ikunje, iweke juu ya jicho lililofungwa kwa nusu dakika, ndipo uteremshe kuelekea chini. Rudia kwa upande safi, na ukipata maji suuza, maana sabuni ya waipsi ikikaa kwenye ukingo wa jicho nayo huwasha.