Ofa ya kwanza ya mshahara: piga hesabu ya makato kabla hujataja namba

"Wakuu, nina digrii ya uhasibu, nimemaliza mwaka jana. Kampuni moja hapa Dar imenipigia, wanasema wataniajiri kwa laki tisa. Nina mkopo wa Bodi. Nikiomba waongeze si wataniacha wachukue mwingine? Na kama naomba, naombaje?"

Mkuu, hongera kwa kufika hapo. Omba. Mimi nimekaa miaka mingi upande wa wanaoandika ofa, na ofa haifutwi kwa sababu mtu ameomba mara moja kwa adabu. Kampuni ikifikia kukupigia simu imeshatumia muda kuchuja barua na kufanya usaili, na kurudi kwa mtu wa pili ni kazi upya. Kinachowaudhi ni mtu anayekubali leo, kesho anapandisha, keshokutwa anapandisha tena. Ila kabla ya kuomba, hakikisha unajua hiyo laki tisa ni ipi.

Rudi kwa ofisa aliyekupigia, muulize hivi: "Dada, hiyo laki tisa ni kabla ya makato au ndiyo itakayoingia mkononi? Na yote ni mshahara wa msingi au ndani yake kuna posho?" Hakuna atakayekuona mjuaji. Wewe ni mhasibu, wangeshangaa usipouliza. Mara nyingi kampuni inataja namba ya kabla ya makato, wakati kijana anasikia pesa ya mkononi, na kila mmoja anaondoka ameridhika mpaka mwisho wa mwezi.

Tuchukulie ni kabla ya makato na yote ni mshahara wa msingi. Hesabu kwa Tanzania Bara inakwenda hivi. NSSF wanachukua asilimia 10 kwako, yaani Sh 90,000 (mwajiri naye anaweka asilimia 10 yake, isitoke mfukoni mwako). Hiyo tisini hutolewa kwanza, kodi inapigwa kwenye kilichobaki, Sh 810,000. Kwenye jedwali la PAYE, kipato cha kati ya 760,000 na 1,000,000 kinalipiwa Sh 68,000 na asilimia 25 ya kilichozidi 760,000. Kilichozidi hapo ni 50,000, asilimia 25 yake 12,500, kwa hiyo kodi ni Sh 80,500. Halafu Bodi ya Mikopo, HESLB, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: Sh 135,000. Jumla ya makato ni 305,500. Kinachoingia benki ni Sh 594,500.

Sasa geuza upande wa pili. Kama akilini mwako laki tisa ndiyo pesa ya mkononi unayoitaka, ukiwa na mkopo, mshahara wa kabla ya makato unapaswa kuwa kama Sh 1,517,000. Ndiyo maana usitaje namba yoyote, iwe kwenye fomu, kwenye usaili au kwenye simu, bila kuongeza maneno "kabla ya makato". Na hao wenzako wanaoambiana mishahara kwenye kundi la WhatsApp, waulize kwanza wanataja ipi, na kama wana mkopo. Wawili wenye mshahara mmoja, mwenye mkopo na asiye na mkopo, wanapokea pesa tofauti kabisa.

Kuna jambo jingine kwenye hesabu hiyo. Wakikuongeza kutoka laki tisa hadi milioni moja, NSSF inakuwa 100,000, kodi 103,000, Bodi 150,000, na unabaki na 647,000. Laki moja uliyoipigania imekuletea 52,500. Si haba, lakini ujue thamani yake, maana hapo ndipo mambo mengine yanapoanza kuwa na uzito. Bima ya afya inayomhusisha mwenza na watoto, usafiri wa kampuni kama kazi iko mbali, au kulipiwa ada za mitihani ya NBAA, vinaweza kukuokolea zaidi ya hiyo hamsini.

Wengine watakuambia, "Tukupe laki nane msingi na laki mbili posho." Tazama inavyofanya kazi. Kodi haipungui kwa kuiita posho, kwa sababu posho ya kila mwezi ni kipato cha ajira na inakatwa PAYE. Kinachopungua ni makato ya Bodi, kwa kuwa yanahesabiwa kwenye msingi: 120,000 badala ya 150,000, unapata 30,000 zaidi mkononi. Lakini malipo ya saa za ziada yanafuata mshahara wa msingi. Kiinua mgongo cha sheria, siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, nacho kinafuata msingi. Hata nyongeza ya mwaka, kampuni nyingi huipiga kwenye msingi. Kwa anayeanza kazi, mimi ningechukua msingi mkubwa. Posho ni rahisi kuifuta kwa waraka mmoja, mshahara wa msingi si rahisi hivyo.

Tuje kwenye kuomba. Kwanza tafuta namba yenye mashiko. Uliza watu watatu au wanne wanaofanya kazi ya aina hiyo, kwenye kampuni za ukubwa huo, mjini hapo hapo. Mhasibu mdogo wa benki na mhasibu mdogo wa duka la jumla Kariakoo hawalinganishwi. Kampuni huwa na kiwango cha chini na cha juu kwa kila nafasi, na mhitimu hutajiwa kiasi kilicho karibu na chini. Nafasi ya kusogea ipo, ila si kubwa: asilimia 10 mpaka 15 juu ya ofa ni ombi ambalo ofisa anaweza kulipeleka kwa bosi wake bila kuona aibu. Kwako wewe, hiyo ni milioni moja, au milioni moja na elfu thelathini. Ukidai milioni moja na nusu bila uzoefu, mazungumzo yanaishia hapo.

Pili, sababu. Kodi ya nyumba ya miezi sita, nauli na wadogo zako wanaosoma ni mambo ya kweli, lakini ofisa hawezi kuyaandika kwenye maombi ya bajeti. Anachoweza kuandika ni kitu ambacho kampuni haitalazimika kukufundisha. Kwa mhasibu kuna mengi ya namna hiyo: umeshafaulu baadhi ya masomo ya CPA, ulipokuwa fildi uliandaa ritani za VAT na kuziwasilisha kabla ya tarehe 20, unajua kusuluhisha hesabu za benki kwenye Tally au QuickBooks bila kusimamiwa, unajua PAYE inatakiwa ilipwe ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Chagua viwili ambavyo ni kweli na unaweza kuvionyesha. Ukisema unajua Tally, wiki ya kwanza utawekwa mbele ya Tally.

Tatu, maneno yenyewe. Kwenye simu shukuru, uliza tarehe ya mwisho ya kujibu, omba ofa iletwe kwa maandishi. Usijadili bei hapo hapo. Siku moja au mbili baadaye andika baruapepe fupi, kitu kama hiki:

"Nashukuru kwa ofa ya nafasi ya mhasibu msaidizi na niko tayari kujiunga nanyi. Kwa kuwa nimeshafaulu masomo matatu ya CPA, na nimeandaa ritani za VAT kwa miezi minne ya fildi, naomba mfikirie mshahara wa msingi wa Sh 1,030,000 kabla ya makato. Naamini tutaelewana, na niko tayari kuanza tarehe mliyopanga."

Hapo hakuna kitisho wala kulialia, na namba ni moja. Ukiandika "kati ya laki tisa na nusu na milioni moja na nusu" watasoma ile ya kwanza tu. Na usitunge ofa ya kampuni nyingine. Maofisa ajira wa mji huu wanajuana, kuuliza ni simu moja.

Majibu huwa ni matatu. Wakikubali, umemaliza. Wakileta ya katikati, tuseme 950,000, ichukue, usirudi mezani tena kwa pesa. Wakisema hiyo ndiyo bajeti, usinune; uliza kitu kimoja kinachotoka fungu jingine: ada za NBAA, siku za kwenda kwenye mitihani, au mshahara kuangaliwa upya baada ya kipindi cha majaribio. Hili la mwisho ndilo linalowaponza wengi. "Tutakuongeza baada ya miezi mitatu" ikitamkwa mdomoni, bosi akihama imehama naye. Omba iandikwe kwenye mkataba ikiwa na kiasi na tarehe: "Baada ya kuthibitishwa kazini, mshahara wa msingi utakuwa Sh 1,000,000 kuanzia mwezi unaofuata." Wakikataa kuandika, hesabu kwamba haipo, kisha amua kama laki tisa inakutosha.

Jihadhari na mkataba mmoja unaovutia. Unaambiwa, "Wewe tunakukata asilimia 5 tu," na laki tisa inakuachia 855,000. Hiyo asilimia 5 ni kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma, maana yake wamekuandika kama mtoa huduma. Hakuna mchango wa NSSF wa mwajiri, hakuna likizo ya siku 28 yenye malipo, na ukiumia kazini fidia ya WCF haikuhusu. Mkopo wa Bodi nao haujafutika, umebaki mikononi mwako kuulipa. Kama unaingia saa mbili, unatoka saa kumi na moja na una bosi anayekupangia kazi, wewe ni mwajiriwa. Omba mkataba wa ajira. Ukiamua kuuchukua hivyo hivyo, bei yake iwe juu kuliko ya mwajiriwa, kwa sababu vyote hivyo unajilipia.

Kwa wanaosubiri serikalini: haya hayawahusu. Ngazi ya mshahara, TGS, imeandikwa kwenye tangazo na msaili hana mamlaka ya kuigusa. Kwenye mashirika yenye madaraja, daraja halisogei, ila ndani ya daraja kuna hatua, na hatua zinaombeka kwa vyeti na uzoefu wa fildi.

Mkataba ukija, soma mistari ya mshahara wa msingi, posho moja moja, muda wa majaribio na tarehe ya kuanza. Ukianza tarehe 20 na malipo yao yanafungwa tarehe 18, mshahara wa kwanza unaweza kuja mwezi unaofuata, hivyo uliza mapema ujue utaishije. Slipu ya kwanza ikitoka, iweke pembeni ya hesabu yako ya makato. Na mwezi wa tatu angalia taarifa ya michango NSSF. Kama slipu inaonyesha 90,000 imekatwa na huko hakuna kitu, mwandikie mhasibu wa mishahara siku hiyo hiyo, uambatanishe slipu.