Chromebook imejaa ingawa Downloads ni tupu

"Nimefuta kila kitu kwenye Downloads, mbona Chromebook yangu ya GB 32 bado inalalamika?"

Ndugu, aliyekushauri uondoe mafaili ya Drive yaliyohifadhiwa nje ya mtandao amepatia nusu, lakini tafuta Storage management ndani ya Settings, utazame mstari wa Linux, kwa kuwa diski yake ikitengewa ukubwa maalumu, tuseme GB 10, nafasi hiyo hubaki imeshikiliwa hata ukifuta yaliyomo. Fungua Terminal ya Linux, usafishe kwanza vifurushi vya programu vilivyopakuliwa na kubaki kwenye akiba:

```
sudo apt clean
```

Kisha hifadhi nakala ya mafaili yako ya Linux, ndipo upunguze Disk size kwenye mipangilio ya Linux. Kwa programu za Android, anza na Clear cache, maana kufuta data yote hupoteza hata usiyoyakusudia.