Usipige Windows upya kabla hujasoma namba ya msiserver

Wiki hii msomaji ameniandikia: "Kaka, kila programu ninayoweka inagoma, inaniambia The Windows Installer Service could not be accessed. Fundi anasema nifomati tu. Nimlipe?" Nikamjibu asimlipe kwanza.

Jibu hilo la "fomati tu" linaniuma, maana ndilo lililomwangusha mteja wangu mmoja, mama mwenye duka la vifaa vya ofisi. Alipigiwa Windows upya kwa sababu hiyohiyo, akapoteza hesabu zake zote za mauzo. Kompyuta yake ya pili ilipopata ugonjwa uleule akaileta kwangu, na ikarudi dukani na kila kitu chake ndani.

Windows ina huduma moja inayofungua vifurushi vya MSI, nayo kwa ndani inaitwa msiserver. Faili nyingi za setup zenye mwisho wa .exe nazo zimebeba MSI tumboni, ndiyo maana unaona kila kitu kimekufa kwa mpigo. Watu wakifungua services.msc wakakuta Windows Installer haijawashwa, wanadhani wameupata ugonjwa. Hapana. Huduma hii inaamka inapoitwa na kulala yenyewe ikikosa kazi, hivyo hali yake ya kawaida ni Manual. Kuikuta imelala si dalili ya lolote.

Dalili ni namba. Fungua Command Prompt kwa Run as administrator, uandike:

```
sc start msiserver
```

Tafadhali iwe Command Prompt, si PowerShell. Katika PowerShell ya Windows, `sc` ni kifupi cha amri nyingine kabisa: itakutengenezea faili linaloitwa start, ikae kimya, nawe ushangilie bure.

Ikijibu 5, hujafungua kama msimamizi. Ikijibu 1058, huduma imezimwa. Mara nyingi utakuta kisanduku cha Startup type kimepauka, hakibonyezeki, kwa hiyo unaibadilisha kwenye rejista kisha unawasha kompyuta upya:

```
reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\msiserver /v Start /t REG_DWORD /d 3 /f
```

Hiyo 3 ndiyo Manual. Usiweke 2 kwa tamaa ya kuifanya iwake muda wote, haikuongezei kitu.

Ikijibu 2, njia ya kufikia faili imeharibika au faili lenyewe halipo. Andika `sc qc msiserver`, utazame mstari wa BINARY_PATH_NAME. Unatakiwa uishie na `system32\msiexec.exe /V`. Njia ikiwa sawa na faili ndilo halipo, hapo `sfc /scannow` ina kazi.

Kompyuta ya yule mama ilijibu 1060, yaani huduma haipo kabisa. Kuna mtu alikuwa amepitisha programu ya "kusafisha rejista", ikaondoka na ufunguo wote wa msiserver. Nilianza na dawa inayosambazwa kila mahali, `msiexec /unregister` halafu `msiexec /regserver`. Zote mbili hupita bila neno, na ukimya huo ndio unaowafanya mafundi wengi waamini wamemaliza. Nilirudia `sc start`, ikaja 1060 ileile. Faili la msiexec.exe lilikuwa zima. Kilichokosekana ni maandishi ya kwenye rejista tu.

Nikachukua kompyuta nyingine isiyo na ugonjwa, yenye Windows 10 ya toleo lilelile, biti 64 kwa biti 64, nikachomeka flashi:

```
reg export HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\msiserver E:\msi.reg
```

Flashi ikahamia kwenye mgonjwa. Kabla ya kugusa chochote nilitengeneza restore point, kisha:

```
reg import E:\msi.reg
```

Hapa ndipo wenye haraka wanapokata tamaa. Ukijaribu huduma papo hapo bado itasema 1060, kwa sababu Windows husoma orodha ya huduma zake inapowaka. Washa upya kwanza. Nilipowasha, `sc start` ikaonyesha START_PENDING, na programu ya mauzo ikaingia.

Usipakue faili la .reg la namna hii kwa mtu usiyemjua. Ndani yake kuna mstari wa ImagePath unaosema programu gani iendeshwe kwa mamlaka ya LocalSystem, na anayeandika mstari huo ameshika kompyuta yako. Omba ya jirani, na kwenye kompyuta yake uusome mstari huo kwa `sc qc msiserver` kabla ya kuihamisha, maana ndani ya faili la .reg umeandikwa kwa namba za hex, Notepad haitakuonyesha maneno yake.

Na ukiona 1618 baada ya hapo, usirudi kwenye rejista. Huduma ni nzima, ila kuna kifurushi kingine bado kinawekwa.  Kiache kimalize.